Umeshamkataa, na Bado Anakuja

Kabla ya saa moja asubuhi, kibanda cha chai cha binti wa kaka yangu pale Malaba huwa kimeshajaa. Madereva waliolala kwenye foleni ya malori wanateremka wakijinyoosha, mataniboi wananawa uso kwa maji ya chupa, na vijana wa klaringi wanapita mbio na bahasha za karatasi za mizigo. Mmoja wa vijana hao alizoea kunywa chai na chapati mbili, jumla shilingi 70, akalipa kwa noti ya 500. "Baki na chenji," alikuwa akisema. Mwezi wa pili mwaka huu akamwambia binti yetu kwamba anampenda. Yeye akamjibu kwa heshima kwamba ameshukuru, ila kwa sasa hafikirii mambo hayo. Kesho yake kijana akarudi na noti nyingine, na jioni akatuma ujumbe wa neno moja: "Nitangoja."

Kwetu Busibwabo shangazi huitwa senge, na mambo ya namna hii tangu zamani hupelekwa kwa senge kabla hayajafika kwa baba. Kwa hiyo Jumapili hiyo alinijia na simu yake nisome. Nilisoma ujumbe wote kuanzia juu, kisha nikamwonyesha maneno mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe: kwa sasa. Kijana hakuwa amesikia kingine chochote. Alikuwa ameambiwa kuna foleni, akaamua kupanga.

Lugha yetu ina adabu nyingi ya kukataa bila kumuumiza mtu. Jirani akiomba jembe na hutaki kumpa, humwambii sitaki. Unamwambia bado linatumika. Ukikaribishwa chakula nawe umeshiba, unasema utakula siku nyingine. Kila mmoja anaelewa na hakuna anayerudi kesho kudai. Lakini mtu aliyependa hasikilizi hivyo. Anatafuta ufa, na adabu hiyo imejaa nyufa. "Bado sijawa tayari" kunamwambia kwamba utayari uko njiani. Hicho kipande cha -ja- kilichomo ndani ya "sijaamua" na "sijafikiria" ni kama ahadi, maana kwa Kiswahili jambo ambalo halijawa ni jambo linalongojewa. "Ningekuwa sina mtu ningekubali" kunamwonyesha kwamba kizuizi ni huyo mtu, si moyo wako, naye ataanza kumvizia huyo mtu akosee. Na "tutaona" au "Mungu akipenda" hata sihitaji kuyaeleza.

Sababu nazo ni hivyo hivyo. Sisi watu wa mpakani tumekulia katika kupatana bei. Ukivuka upande wa Uganda kununua kitenge, bei ya kwanza unayotajiwa hujui kama ni ya kweli, unaijibu kwa bei yako, na mnavutana kwa shilingi za huku na za kule mpaka mkutane. Ukimpa mtu sababu ya kumkataa, umemtajia bei ya kwanza. Ukisema unasoma, atasema atakulipia karo. Ukisema una mchumba, atauliza mahari imetolewa lini. Ukisema wazazi hawatakubali, Jumamosi utamkuta kwenu amekaa na baba yako. Kila sababu uliyoitoa kwa upole, yeye ataichukua kama kazi aliyopewa aifanye ndipo akubaliwe, na akishaifanya ataona ana haki ya kudai ujira.

Kuna pia mila inayomsaidia kutosikia. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba msichana mwenye heshima hakubali siku ya kwanza, kwamba kijana akikataliwa mara moja ajikaze, arudi. Nimewahi kuwasikia wazee wakisimulia kwa fahari jinsi walivyozungushwa mwaka mzima kabla ya kukubaliwa. Sisemi hivi ili kumtetea anayesumbua. Nasema ili ujue kwamba hapana yako ya kwanza, hata kama ilitoka moyoni, huenda aliiweka kwenye fungu la desturi. Basi hapana ya pili lazima ifanane na ile ya kwanza kidogo sana, ili asiweze kuiweka fungu hilo hilo.

Hiyo ya pili nilimshauri binti yetu aiandike, asiiseme kwa mdomo. Kuna wanaoona kwamba mambo ya moyo yasemwe uso kwa uso, na kwa hapana ya kwanza ninakubaliana nao. Lakini mtu ambaye umeshamwambia mara moja akaendelea, ukikutana naye tena unampa alichokuwa akikitafuta, yaani muda na wewe, macho yako, na nafasi ya kubembeleza. Maandishi yana faida nyingine: yanabaki. Huu ndio ujumbe tuliouandika jioni ile, tukifuta na kuandika upya mpaka ukawa mfupi:

"Habari. Mwezi wa pili ulinieleza unavyohisi, nami nikakujibu vibaya kwa kusema kwa sasa. Jibu langu ni kwamba sitaki uhusiano wa mapenzi nawe, leo wala baadaye. Naomba usinipigie, usinitumie ujumbe wala pesa, na usije kibandani kwa ajili yangu. Sitajibu ujumbe mwingine kuhusu jambo hili. Nakutakia kila la heri."

Tazama ambacho hakimo. Hakuna sababu hata moja. Hakuna "samahani", kwa kuwa anayeomba radhi amekiri deni, na binti yetu hakumkosea mtu. Alichokisahihisha ni maneno yake mwenyewe, kwa sababu kweli yalipotosha. Hakuna "wewe ni mtu mzuri sana lakini", kwa maana mtu atalala na hiyo sehemu ya kwanza na kuitupa ya pili. Hakuna "tubaki marafiki", ambayo kwa mtu anayengoja ni ruhusa ya kungojea ndani ya nyumba badala ya nje. Na hakuna swali. Hata "umenielewa?" ni mwaliko wa jibu.

Kilichomo ni kumbukumbu ya lini alijibiwa mara ya kwanza, neno "sitaki" likiwa peke yake, muda uliofungwa pande zote, na vitendo vilivyotajwa kimoja kimoja. Hivyo vitendo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimwambia mtu "usinisumbue", anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba yeye hakusumbui, anakujulia hali tu. Ukimwambia usinipigie, usinitumie pesa, hakuna mahali pa kujificha.

Upole wenyewe uko wapi, basi? Uko katika namna unavyoilinda heshima yake mbele ya watu wengine. Usimkatae stejini mbele ya waendesha boda, wala kibandani wateja wakisikia. Usiipitishe simu marafiki wasome alivyobembeleza. Usipige picha ujumbe wake ukauweka Facebook, hata kama wenzako wanakuchochea. Usimtukane kwa kabila lake, kazi yake, wala mfuko wake. Mwanamume aliyekataliwa faraghani ana huzuni, na huzuni hupita. Aliyekataliwa huku watu wakicheka ana kisasi pia, na sasa anawaza jinsi atakavyoonekana stejini kesho. Huo ndio upole ninaoujua mimi, na haupunguzi hata chembe ya lile neno sitaki.

Baada ya ujumbe, kimya. Hapa ndipo wengi huanguka, na binti yetu naye nusura aanguke. Kijana alipokea ujumbe saa mbili usiku. Kufikia saa nne alikuwa amepiga mara kumi na moja. Siku ya pili aliandika kwamba ameelewa ila anaomba dakika tano tu ajieleze. Siku ya tatu akaandika kwamba hajala. Siku ya tano akapiga mara nyingi mfululizo hadi mchana, na binti, akiwa na unga mikononi na wateja wakimtazama, alinipigia akilia: "Senge, wacha nimjibu tu nimwambie aniache."

Nilimkataza, na hii ndiyo sababu. Gavin de Becker, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi ya kuwalinda watu wanaofuatwafuatwa, alilieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1997: ukizinyamazia simu ishirini na tisa kisha ukapokea ya thelathini, hata kama umeipokea kwa ukali, umemfundisha mtu kwamba bei ya kukupata ni simu thelathini. Kesho ataanza na thelathini. Matusi yako pia ni malipo, kwa sababu mtu aliyekosa kabisa sauti yako ataridhika hata na sauti ya hasira. Kwa hiyo ukiamua kunyamaza, nyamaza kabisa, na uwe umejiandaa kwamba mambo yatazidi kidogo kabla ya kupungua. Mtu aliyezoea mlango kufunguka akibisha, siku usipofunguka hubisha kwa nguvu zaidi kwanza. Usidhani kimya kimeshindwa. Kwa huyu kijana simu zilipanda wiki ya kwanza, zikabaki hapo wiki ya pili, na wiki ya tatu zikawa mbili au tatu kwa siku.

Wengi huniuliza kama wamfungie namba. Ushauri wangu ni tofauti kidogo na ule wa vijana. Izime sauti namba yake, ujumbe uingie bila kulia, usiufungue mara kwa mara, lakini usiufute. Ukimfungia kabisa huoni maneno yanapobadilika kutoka kubembeleza kuwa vitisho, na hilo ni jambo unalohitaji kuliona mapema. Kama kusoma kunakuumiza, mpe dada au rafiki kazi ya kuangalia mara moja kwa siku. Na sisi wa hapa tuna jambo ambalo watu wa bara hawalifikirii: ukifunga namba ya Safaricom, mtu anavuka barabara, ananunua laini ya Uganda, na jioni simu inalia kwa +256. Binti yetu ana wateja wengi Waganda, hawezi kuacha kupokea namba ngeni. Alichofanya ni kupokea na kunyamaza mpaka upande wa pili useme. Akisikia ni yeye, anakata bila neno. Hakusema "ni wewe tena?" kwa kuwa hata hayo ni mazungumzo.

Sasa pesa. Siku ya sita M-Pesa ililia: shilingi 1,000, kutoka kwake, na ujumbe nyuma yake, "ya sabuni". M-Pesa ina udhaifu huu, kwamba aliye na namba yako anaweza kukuwekea pesa bila kukuuliza, na huwezi kuikataa kabla haijaingia. Tuliirudisha saa ile ile, kwa namba ile ile iliyoituma, shilingi 1,000 kamili na ada ya kutuma tukalipa sisi. Ujumbe wa uthibitisho wenye nambari ya muamala tukauhifadhi. Hatukuandika chochote kuambatana nayo.

Binti aliniuliza kuhusu zile chenji za noti za 500, zilizokuwa zimefika siku tisa, yaani shilingi 3,870. Nilimwambia azisahau. Kile mteja alichokiacha mezani kwa hiari yake kabla hujampa jibu ni bakshishi, hakina kamba. Kinachokuja baada ya hapana ndicho chenye kamba, na hicho hakilali kwako. Na tangu siku hiyo, akija yeye au mwingine wa namna yake, chenji inahesabiwa yote na kuwekwa mezani, shilingi 430, hata akiondoka akaiacha: inaingia kwenye kopo pembeni na kumngojea. Kama mtu atatuma vijishilingi hamsini hamsini kila siku, usirudishe kila mara, maana huo nao utakuwa mchezo wa kutumiana. Viandike, usivitumie, na vikusanye virudishwe mara moja kupitia mtu mzima.

Ninasisitiza pesa kwa sababu nchi hii ina kidonda. Tarehe 9 Aprili 2019, Ivy Wangechi, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa sita katika Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa mchana kweupe nje ya hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na mwanamume aliyekuwa akimtaka. Mtu huyo alieleza kwamba alikuwa amemtumia pesa. Siku zilizofuata, Wakenya wengi, wanaume kwa wanawake, waliibeba sababu hiyo mitandaoni kana kwamba ni sababu, wakimsema marehemu kwa kula pesa za mtu. Mahakama Kuu ya Eldoret haikuikubali. Mwaka 2024 muuaji alifungwa miaka 40. Naisimulia kwa moyo mzito, na sitaki msomaji yeyote aelewe kwamba kurudisha 1,000 ni deni unalolipa au kwamba asiyerudisha amejitakia. Pesa haimnunui mtu, iwe imerudishwa au imeliwa. Tunairudisha ili huyo anayetuma, na wale watakaomsikiliza, wasiwe na hesabu ya kusoma.

Mlango wa mbele ukifungwa, anayeng'ang'ania huzunguka nyuma. Kwa binti yetu mlango wa nyuma ulikuwa mama yake. Jumamosi moja bodaboda ilifika nyumbani Busibwabo na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, "zawadi ya mama kutoka kwa rafiki ya binti". Wifi yangu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimpokea, akashukuru, na Jumapili jogoo akaliwa na familia yote. Kijana alipoambiwa kwamba jogoo amepokelewa, alimwandikia binti: "Mama amenikubali."

Hilo lilikuwa kosa letu. Tulifunga simu tukasahau boma. Kama umemkataa mtu na anaendelea, waambie wa nyumbani siku hiyo hiyo, na uwaambie jambo moja mahususi: chochote kitakacholetwa na mtu huyu, au na mtu mwingine kwa niaba yake, kisipokelewe, na namba yangu isitolewe. Mwambie pia dada yako, rafiki unayekaa naye, na jirani wa kibanda cha pili. Wengi watamwonea huruma, watakuja wakuambie "mwenzio anaumia, mpe nafasi". Wajibu kwa upole kama ulivyomjibu yeye: nimeshamjibu, naomba msinibebee ujumbe wake. Usiingie kuwaeleza sababu, kwa kuwa zitamfikia kabla jua halijatua.

Jogoo alilipwa. Tulinunua mwingine sokoni, shilingi 1,000, mwekundu vilevile. Sikutaka kaka yangu ampeleke peke yake, kwani baba mwenye hasira na kijana mwenye uchungu ni mkutano mbaya. Alikwenda na liguru wa kijiji, mzee anayeheshimiwa na mwenye ulimi wa taratibu, wakamkuta kijana anakoishi, mchana, wakaomba kuzungumza naye peke yake. Liguru alimwambia kwa maneno machache kwamba binti amesema hataki, wazazi wamesikia, jogoo alipokelewa kwa kutojua, na huyu hapa badala yake. Hawakumkaripia. Hawakumwuliza nia yake. Walikaa dakika zisizozidi kumi, wakakataa soda, wakaondoka. Nadhani hiyo ndiyo iliyommaliza, kwa kuwa sasa ilikuwa imesemwa na wanaume wazima wa upande wetu bila kumwaibisha, na mlango wa boma nao ulikuwa umefungwa.

Wako watu, hata hivyo, ambao hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na hao ushauri wa senge hautoshi. Nitakuambia dalili ninazoziangalia. Ya kwanza ni kugeuka kwa maneno: kutoka "nakupenda" kwenda "utanijua", "nikikukosa hakuna atakayekupata", au "nitajiua na barua nitaandika jina lako". Ya pili ni kukutokea mahali ambapo hukumwambia utakuwepo, hasa njiani kurudi nyumbani usiku. Ya tatu ni kuharibu kitu chako: kumwaga chai, kukata turubai, kumwambia mwenye kibanda akufukuze. Moja tu kati ya hizi ikitokea, acha kuhesabu wiki, tafuta msaada siku hiyo. Anayetishia kujiua naye usimkimbilie kumtuliza. Mpigie ndugu yake au rafiki yake mwambie alichosema, wao ndio wamwangalie.

Badilisha njia na saa za kurudi. Bodaboda ni mtoto wa mji wetu, hata jina lilizaliwa hapa Busia kwa wale waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka huu hadi ule, lakini anayekubeba kila siku anajua mlango wako. Kama ni wa steji moja na huyo mtu, chukua wa steji nyingine, na ushukie mbele kidogo ya kwenu.

Kusanya ushahidi kabla hujaenda kituoni. Watu wengi hupiga picha skrini ambayo juu imeandikwa "Usipokee" au "Msumbufu", jina walilomhifadhia. Picha hiyo haimwonyeshi ni nani. Fungua maelezo ya namba uipige picha pia, au lifute jina kwanza ili namba yenyewe ionekane juu ya ujumbe, pamoja na tarehe na saa. Fanya hivyo mara ujumbe unapoingia, maana WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe kwako na kwake. Nakala zitumie kwa mtu unayemwamini. Ujumbe wako ule wa sitaki uwe wa kwanza katika picha hizo, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwamba alijua.

Kituoni uliza dawati la jinsia, na usiondoke kabla hujapewa namba ya OB. Wakikuambia ni mambo ya mapenzi mkayamalize nyumbani, waombe taarifa iandikwe hivyo hivyo ilivyo. Ukirudi mara ya pili, namba ile ya kwanza itakuwa na uzito. Namba 1195 hupigwa bure, mchana na usiku, kwa anayekabiliwa na ukatili wa kijinsia, nao wanaweza kukuelekeza. Ikiwa mtu anaishi upande wa Uganda, OB ya Kenya haimfikii kwa haraka. Kule mtu wa kuanza naye ni mwenyekiti wa LC1 wa mtaa anaoishi, ambaye anawajua wakazi wake kama liguru anavyowajua wa kwetu, kisha polisi wa huko, kitengo cha familia na watoto. Nenda na mtu mzima, na uende mchana.

Sheria ujue inafika wapi, usije ukategemea isichokuwa nacho. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inamshika mwenye mamlaka au mwenye ofisi ya umma anayeendelea kumtaka mtu akijua hatakiwi: mwalimu, mkuu wako wa kazi, afisa anayetia muhuri karatasi zako. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mteja wa chai haingii humo. Sheria ya kuzuia ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 inataja kufuatwafuatwa na kumpa hakimu uwezo wa kutoa amri ya kukulinda, lakini ni kwa walio na uhusiano wa nyumbani, mfano mume wa zamani, mchumba, ndugu, au mliyekuwa na uhusiano wa karibu. Kwa mtu ambaye hamkuwahi kuwa na lolote, kinachomfikisha mahakamani mara nyingi ni vitisho vyenyewe, kukushika, kuharibu mali yako, au ujumbe wa simu unaokutia hofu ya kudhuriwa. Ndiyo maana nimesema usifute.

Yote haya yanamfaa mwanamume pia. Nimewahi kushauri kijana fundi wa simu aliyekuwa akifuatwa na mama mmoja mwenye duka, na aibu yake ya kusema ilikuwa kubwa kuliko ya wasichana wote niliowasikiliza, kwa kuwa wenzake walimwambia ana bahati. Ujumbe wake ulikuwa ule ule, na fulana mbili alizopewa zilirudishwa.

Kijana wa klaringi alinyamaza wiki ya sita. Lakini Malaba ni ndogo, na foleni ya malori inawapitisha wote mahali pamoja kila asubuhi. Binti yetu aliniuliza swali ambalo naona wengi hulisahau: akinisalimia, nijibu? Kwetu kukataa salamu ni kumwambia mtu kwamba amekufa. Nilimwambia ajibu, "salama", kwa sauti ya kawaida kama anavyowajibu madereva, bila kusimama, bila kumrudishia "na wewe je?", na kama ana sufuria mkononi aendelee nayo. Akiongeza neno la pili, asilijibu. Sasa kijana anakunywa chai kibanda cha tatu kutoka hapo. Anapopita husema "habari ya asubuhi", naye hujibu akiendelea kukanda unga.